Sehemu Moja ya Dawa, Maji Sehemu Ngapi?

Waulize watu wanne namna ya kuzimua jiki ya kufutia sakafu ya nyumba yenye mgonjwa wa kipindupindu, na huenda ukapata majibu manne. Mmoja atasema kopo moja la dawa kwa makopo sita ya maji. Mwingine atasema moja kwa tisa. Wa tatu atakuambia umimine hadi harufu ikolee, na wa nne atasema vifuniko viwili kwa ndoo. Majibu mawili ya mwisho ni ya kubahatisha, lakini yale mawili ya kwanza yote ni sahihi. Kila moja ni jibu la chupa yake, na shida huanza pale jibu la chupa moja linapotumiwa kwa chupa nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kugusa maji, geuza chupa usome maandishi madogo ya nyuma. Humo kuna asilimia ya klorini, au ya sodiamu haipokloraiti, ambayo ndiyo dawa yenyewe. Kilichobaki karibu chote ni maji. Miongozo ya afya ya ukanda wetu kwa miaka mingi imeichukulia Jik ya madukani kuwa na asilimia 3.5. Chupa nyingine zinakaribia 4, nyingine zina 5 au 6. Kanuni ya moja kwa tisa ilitoka kwenye nchi ambako dawa ya dukani ilikuwa na asilimia 5 au zaidi kidogo, kama Marekani, ikasafiri na vitabu na mabango hadi huku ambako chupa zetu mara nyingi ni hafifu zaidi. Mhudumu akiitumia kwa chupa ya asilimia 3.5 anapata mchanganyiko wa asilimia 0.35, ilhali aliagizwa 0.5. Rangi na harufu havitamwonyesha tofauti hiyo. Ataendelea kufuta sakafu akiamini ametimiza maagizo.

Asilimia 3.5 maana yake ni kwamba katika kila mililita 100 za kilichomo chupani kuna gramu tatu na nusu za dawa. Ukiongeza maji, dawa haiongezeki wala haipungui. Inatawanyika tu mahali papana zaidi. Swali la kujiuliza, basi, ni hili: dawa iliyomo kwenye kikombe kimoja cha chupa hii inatosha vikombe vingapi vya nguvu ninayoitaka? Gawanya 3.5 kwa 0.5, unapata 7. Dawa ya kikombe kimoja inatosha vikombe saba.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Wanaona saba, wanamimina vikombe saba vya maji. Lakini kikombe cha dawa chenyewe ni kimojawapo cha hivyo saba, kwa hiyo maji ya kuongeza ni vikombe sita. Kanuni ambayo wahudumu wa afya hufundishwa inalibeba jambo hilo ndani yake:

(asilimia ya chupa ÷ asilimia unayotaka) − 1 = sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa

Chupa ya asilimia 5 ukiigawanya kwa 0.5 unapata 10. Toa 1, zinabaki sehemu tisa za maji. Ya asilimia 6 inakupa 12, yaani sehemu kumi na moja za maji. Ya asilimia 3.85 inakupa 7.7, nawe unaongeza sehemu 6.7. Hesabu isipokuja sawasawa namna hiyo, punguza maji kidogo badala ya kuyazidisha. Sehemu sita na nusu zitakupa mchanganyiko wenye nguvu kidogo kuliko ulioagizwa, na hilo kwa sakafu na choo halina madhara.

Tuchukue nyumba moja yenye mgonjwa aliyerudi kutoka kambi ya matibabu ya kipindupindu. Waliobaki nyumbani wana chupa moja ya Jik ya mililita 750, asilimia 3.5, na wanahitaji michanganyiko miwili. Wa kwanza, wa asilimia 0.5, ni wa sakafu, choo, kitanda na ndoo alizotumia mgonjwa. Wa pili, wa asilimia 0.05, ni wa kunawia mikono pale sabuni inapokosekana na wa kulowekea nguo. Huo wa pili ni dhaifu mara kumi kuliko wa kwanza.

Kipimo cha kazi hii ni chupa yenyewe. Wachukue ndoo safi ya plastiki, waijaze chupa sita za maji ya kawaida wakitumia chupa ya saizi ileile, halafu wamimine ile dawa polepole juu ya maji. Maji yatangulie ili dawa kali isirukie machoni. Sasa wana lita tano na robo za asilimia 0.5. Wakichota nusu lita ya mchanganyiko huo na kuitia kwenye lita nne na nusu za maji, wanapata lita tano za asilimia 0.05, kwa sababu 0.5 ukigawanya kwa 0.05 ni 10, na 10 ukitoa 1 ni 9. Upande mmoja zimebaki lita nne na robo tatu za sakafu na choo, upande mwingine lita tano za mikono na nguo. Ndoo mbili zinaandikwa kwa kalamu nene isiyofutika ili zisibadilishane kazi.

Angalia jinsi chupa nzima ilivyotoa chini ya ndoo moja ndogo. Nadhani hapa ndipo vile vifuniko viwili kwa ndoo vilipozaliwa: mtu anaona dawa inakwisha, maji tayari yananuka, anahitimisha kuwa imetosha. Lakini kifuniko kina mililita chache tu. Hata tukikikadiria kuwa na mililita 20, vifuniko viwili kwenye ndoo ya lita 20 vinaleta asilimia 0.007. Hiyo haifiki hata sehemu ya sitini ya nguvu inayotakiwa kwa sakafu iliyochafuliwa na mgonjwa. Kama dawa ni chache, ni afadhali kutengeneza lita mbili za nguvu kamili na kuzitumia choo, kitanda na alipotapikia mgonjwa, kuliko kuinyoosha dawa hiyo ifike nyumba nzima bila kuua chochote.

Mara nyingine chombo ndicho kinachoamua kiasi. Una ndoo ya lita 10 yenye alama, unataka ijae. Hapo zidisha ujazo unaoutaka kwa asilimia unayoitaka, kisha gawanya kwa asilimia ya chupa. Kumi mara 0.5 ni 5. Gawanya kwa 3.5, unapata lita 1.43 za dawa, karibu lita moja na nusu kasoro kidogo. Mimina hiyo, kisha maji hadi alama ya 10, au kwa usalama zaidi tanguliza lita nane za maji, tia dawa, halafu malizia. Jibu litakuwa lilelile ukitumia kanuni ya kwanza, kwani hizi ni njia mbili za hesabu moja.

Kosa la hatari kuliko yote halitoki kwenye kugawanya. Linatoka kwenye nukta. Kati ya 0.5 na 0.05 kuna sifuri moja tu, na mtu anayesomewa maagizo kwa simu, au anayenakili ubaoni kwa haraka, anaweza kuiruka. Akiiruka upande mmoja, watu wananawa mikono kwa dawa ya sakafu. Baada ya siku chache ngozi inapasuka na hawataki tena kunawa. Akiiongeza upande wa pili, sakafu ya wodi inafutwa kwa maji ya mikono. Kwa hiyo wanaofundisha kazi hii wangefaa kuzitaja namba hizi pamoja na kazi zake kila mara: sifuri nukta tano ya sakafu, sifuri nukta sifuri tano ya mikono. Ikumbukwe pia kuwa hakuna hata mmoja kati ya michanganyiko hii ambao ni wa kunywa. Dawa za kutibu maji ya kunywa, kama WaterGuard, zina kipimo chake kilichoandikwa kwenye chupa zake, na maji yanayotoka humo ni hafifu mno kuliko hata ya kunawia.

Kwa nini basi tuhangaike kuzimua, badala ya kutumia dawa kama ilivyotoka dukani? Jambo hili lilishughulikiwa kwa bidii kubwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Klorini ilikuwa imekwisha kuthibitisha uwezo wake. Mwaka 1847, huko Viena, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima wazazi, na vifo vya homa ya uzazi katika wodi yake vikashuka sana. Lakini mwaka 1915 majeruhi walikuwa wakifa kwa vidonda vilivyooza, na dawa zilizokuwapo ziliua vijidudu pamoja na nyama ya mgonjwa. Mkemia Mwingereza Henry Dakin, akifanya kazi na daktari wa upasuaji Mfaransa Alexis Carrel, alijaribu kemikali nyingi mpaka akafika kwenye haipokloraiti ya karibu asilimia 0.5. Ikizidi hapo ilichoma, na ikipungua sana haikuua vya kutosha. Dakin alipunguza pia ukali wa magadi uliomo kwenye dawa ya kawaida ya kung'arishia nguo, na kwa sababu hiyo jiki iliyozimuliwa nyumbani haifai kuoshea kidonda hata kama asilimia imelingana.

Nguvu ikizidi, si ngozi pekee inayoumia. Vyuma vya vitanda hushika kutu, rangi hubanduka, na anayefanya usafi kwenye chumba kisicho na madirisha huanza kukohoa na kutokwa machozi. Mtu huyo kesho atafanya kazi harakaharaka ili atoke, na sakafu haitakaa na unyevu kwa muda unaotakiwa. Muda huo ni sehemu ya dawa: mchanganyiko wa asilimia 0.5 unahitaji kukaa juu ya kitu kwa dakika 10 hivi ndipo ufutwe, na nguo kwenye asilimia 0.05 hulowekwa kwa dakika 30.

Hesabu yote hii imesimama juu ya dhana moja, kwamba maandishi ya chupa ni ya kweli. Yalikuwa ya kweli siku ilipojazwa kiwandani. Klorini huvunjika taratibu hata chupa ikiwa imefungwa, na joto na mwanga huharakisha kuvunjika huko. Chupa iliyokaa miezi mingi kwenye rafu inayopigwa na jua, au kwenye stoo ya mabati, haiwezi kuwa na nguvu ileile. Tuseme imeshuka kutoka 3.5 hadi 2.5. Utaongeza maji sehemu sita kama kawaida, utapata 0.36, na hutakuwa umekosea hata hatua moja. Kinga yake ni kusoma tarehe ya kutengenezwa, kuchagua chupa mpya zaidi, kukataa chupa za plastiki angavu zinazopitisha mwanga, na kuiweka dawa mahali penye giza na ubaridi.

Dawa inayouzwa mitaani kwenye chupa za maji ya kunywa ni tatizo kubwa zaidi. Haina namba ya kugawanya. Huenda imekwisha kuzimuliwa na muuzaji, nawe ukiizimua tena unabaki na maji yenye harufu. Zaidi ya hapo, mtoto mwenye kiu anaiona chupa ya maji. Kwa kazi ya kuzuia ugonjwa mimi siwezi kumshauri mtu yeyote ainunue, hata ikiwa rahisi namna gani.

Na harufu, tuiweke kando kabisa kama kipimo. Pua huisikia klorini ikiwa kidogo mno, kwa hiyo mchanganyiko usiofaa nao hunuka. Kuna na jambo lingine ambalo wengi hawalijui: klorini inapokutana na mkojo na uchafu, inatoa gesi zenye harufu kali zaidi. Choo kinachonuka dawa sana huenda ndicho ambacho dawa yake inatumika yote kupambana na uchafu, isibaki ya kuua vijidudu. Ndiyo sababu kinyesi, matapishi na damu huondolewa kwanza, sehemu inaoshwa kwa sabuni na kusuuzwa, kisha dawa inafuata. Maji ya tope ya kuzimulia nayo hula dawa kwa namna hiyo hiyo. Yaache yatulie na uyachuje kwa kitambaa safi.

Kipimo halisi ni karatasi ndogo za kupimia klorini. Unachovya, unalinganisha rangi na ile iliyochapwa kwenye kasha. Wakati wa kununua, hakikisha zinafika kiwango unachokitafuta, kwa kuwa zile za mabwawa ya kuogelea zimetengenezwa kwa klorini kidogo sana na hazitakuambia kitu kuhusu asilimia 0.5. Zahanati yenye karatasi sahihi inaweza kugundua chupa iliyochoka kabla ya kuitumia wiki nzima.

Katika kambi za matibabu dawa huja zaidi ikiwa unga au chembechembe, maarufu kwa herufi za kopo lake, HTH, yenye asilimia 65 hadi 70 ya klorini. Hapo ile kanuni ya kutoa moja haitumiki, kwa maana hupimi sehemu za kimiminika bali gramu kwa lita. Gawanya asilimia unayoitaka kwa asilimia ya kopo, kisha zidisha kwa 1,000. Kwa kopo la asilimia 65, 0.5 gawanya kwa 65 mara 1,000 ni gramu 7.7 kwa kila lita, yaani gramu 154 kwa ndoo ya lita 20. Pasipo mizani, wahudumu hutumia kijiko cha chakula, wakikihesabu kuwa gramu 15: vijiko kumi kwa lita 20. Unga ndio utiwe kwenye maji, usimwagie maji juu ya rundo la unga, kwani hupata joto na kurusha chembe. Koroga kwa mti au plastiki, acha machicha yatuame chini, utumie maji yaliyo juu. Kopo lenyewe likae pakavu, mbali na mafuta ya taa na petroli, maana likikutana navyo linaweza kuwasha moto.

Kuna kimiminika kingine ambacho watu hukizimua kwa kufuata hesabu ya jiki, nacho ni spiriti. Spiriti ya asilimia 96 si bora kuliko ya 70 kwa mikono. Maji yanahitajika ili protini za kijidudu ziharibike vizuri, na ile kali hukauka mapema. Ila maji na spiriti vikichanganywa hushikamana, na ujazo wake unapungua kidogo: lita moja na lita moja hazifiki lita mbili kamili. Kwa hiyo hapimwi maji. Hupimwa spiriti, kisha maji hujazwa mpaka alama. Maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ya kutengeneza lita 10 za dawa ya mikono yanataka mililita 8,333 za spiriti ya asilimia 96, glisarini na haidrojeni peroksaidi kidogo, halafu maji hadi alama ya lita 10. Zidisha 8,333 kwa 96, gawanya kwa 10,000, utapata 80, ambayo ndiyo asilimia iliyokusudiwa. Hesabu ni ileile. Kinachobadilika ni namna ya kumimina. Na spiriti isichanganywe kamwe na jiki.

Hali kadhalika dawa za choo zenye asidi, siki, na sabuni zenye amonia. Kuna wanaoamini kwamba dawa mbili kali zikiungana zinazidi kuua. Jiki na asidi ya choo hutoa gesi ya klorini, gesi ileile iliyotumiwa kama silaha kwenye mahandaki ya vita mwaka 1915, na bafu dogo linatosha kuijaza hadi mtu ashindwe kupumua. Ikitokea, toka nje upesi, acha mlango wazi, usirudi kumwaga ndoo. Dawa ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 ukielekea hospitali.

Mchanganyiko ukishatengenezwa, saa yake imeanza kuhesabika. Ukiwa ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kivulini, utumike siku hiyo hiyo. Ndoo ya chuma hailiwi tu, bali nayo huila dawa. Andika juu ya mfuniko asilimia, tarehe na saa. Ukiona maji yamekuwa na rangi ya uchafu kabla ya jioni, yamwage na utengeneze mengine. Yatakayobaki baada ya saa 24 yamwagwe kwenye shimo la choo, na asubuhi chupa ipimwe upya: sehemu moja ya dawa, sehemu sita za maji, kama bado ni chupa ya asilimia 3.5.